"Alichaguliwa kwa Kura Nyingi": Nyingi Ngapi?



Leo siwasemi wanasiasa, nawasema makatibu. Kikundi chetu cha kufaana hapa Sidab kimemchagua mwenyekiti kwa kura ya siri, na kumbukumbu za kikao zimeandika sentensi moja tu: "Fulani alichaguliwa kwa kura nyingi." Nauliza: nyingi ngapi, na kati ya ngapi?

Wahesabu kura walitusomea kwa mdomo. Karatasi zilizotolewa 47, zilizokutwa sandukuni 46. Fulani 23, mwenzake 20, zilizoharibika 3, kila moja ina alama kwa wote wawili. Hesabu inakubali: 23 na 20 na 3 ni 46, na karatasi moja haikurudi.

Sasa kanuni yetu inataka "zaidi ya nusu ya kura zilizopigwa." Ukishika kura halali tu, 43, zinatosha 22, na Fulani kashinda. Ukishika zote 46, anatakiwa apate 24, na yeye ana 23. Kitabu mashuhuri cha Mmarekani Henry Robert kuhusu taratibu za mikutano kinaziingiza kura kama hizi katika jumla, na kinaziacha karatasi tupu. Basi kesi yote imo katika zile 3, na ndizo ambazo katibu hakuziandika!

Wengine wanasema ati kuandika idadi kunavunja siri. Siri ni ya mtu, ndugu zangu, si ya hesabu. Kinachokatazwa ni kuandika nani kampigia nani, au nani kaharibu karatasi yake.

Na sisi Wazanzibari tusijifanye hatujui. Tarehe 28 Oktoba 2015 Jecha Salim Jecha alipoufuta uchaguzi, miongoni mwa sababu alizotaja ni kwamba baadhi ya vituo vya Pemba vilikuwa na kura nyingi kuliko waliojiandikisha. Dai kama hilo halithibitishwi wala halikanushwi kwa kelele. Linapimwa kituo kwa kituo, kwa karatasi yenye idadi na saini. Tunaidai Tume hesabu, na sisi watu 47 hatuiandiki?

Ninachotaka ni ripoti ya wahesabu iingie nzima katika kumbukumbu: karatasi zilizotolewa, zilizopigwa, zilizoharibika na sababu yake, kura zilizohitajika kushinda, alizopata kila mgombea, na majina na saini za wahesabu. Mwenyekiti wa kikao ndiye atangaze mshindi, na tamko lake liandikwe chini yake. Karatasi zenyewe zifungwe katika bahasha mpaka muda wa pingamizi upite, kisha zichomwe.

Mistari minane haizidi. Kikao kijacho, kabla ya kuzithibitisha kumbukumbu zile, nitasimama kudai zisahihishwe. Anayeona nimekosea anijibu kwa hesabu, si kwa matusi.

Wabillahi tawfiq.