Bei ya Chini kwa Kampuni Dada si Ushahidi wa Wizi

Hapa Kyumbi, ambapo njia ya kwenda mjini Machakos huachana na barabara kuu itokayo Mombasa kwenda Nairobi, malori ya makontena hayakatiki usiku wala mchana, na mengine husafiri mpaka Kampala. Na aghalabu watu wayatazamapo husema kwa yakini kwamba kampuni kubwa ikimuuzia dada yake aliye ng'ambo ya mpaka kwa bei iliyo chini ya ile tunayouziwa sisi, basi imekwisha kuiba kodi ya Kenya. Itikadi hii naipinga, na naipinga kwa ajili ya hazina yenyewe, maana anayemsaka mwizi mahali asipokuwapo humwachia nafasi mahali alipo.

Sheria yetu ya Kodi ya Mapato, katika kifungu cha 18(3), haiulizi kwanza bei. Huuliza iwapo kampuni ya Kenya, kwa mapatano yake na jamaa yake wa nje, imepata faida pungufu ya ile ambayo ingepatikana lau wawili hao wangekuwa watu baki, kila mmoja akitetea maslahi yake. Na watu baki, kama ajuavyo kila mfanyabiashara, hawana bei moja kwa kila mnunuzi: bei hufuata kazi aliyoifanya muuzaji, mali aliyoitumia, na hatari aliyoibeba.

Hayo ndiyo yaliyokuwa kiini cha shauri la Unilever Kenya, lililoamuliwa na Jaji Alnashir Visram wa Mahakama Kuu mwaka 2005. Kampuni hiyo iliitengenezea na kuiuzia Unilever Uganda bidhaa, na Kamishna, alipoipitia miaka ya 1995 na 1996, akaona bei zake ziko chini ya zile walizotozwa wanunuzi wa humu nchini na wa nje wasio na ujamaa nayo, akaikadiria kodi zaidi. Kampuni ilijibu kwamba mauzo hayo hayalingani, na kwamba imefuata njia ya gharama na nyongeza iliyomo katika mwongozo wa OECD, jumuiya ya nchi tajiri. Kwa kuwa Kenya wakati huo haikuwa na kanuni zake za kulipima jambo hili, Jaji aliukubali mwongozo huo, na kampuni ikashinda. Serikali haikukawia: kanuni zetu wenyewe zilianza kutumika tarehe 1 Julai 2006.

Tuchukue mfano wa kukadiria, si hesabu za kampuni yoyote. Katoni ya sabuni hutengenezwa Nairobi kwa shilingi 800. Msambazaji wa Kenya huuziwa kwa 1,000, lakini ili auziwe, mtengenezaji hutumia 150 kwa matangazo, mishahara ya wauzaji na madeni yasiyolipwa. Faida iliyobaki ni 50. Dada wa Kampala huichukua katoni ile ile mlangoni pa kiwanda kwa 880, gharama zote za kuiuza zikawa juu yake, na faida ya Nairobi ikawa 80. Bei imeshuka, faida imepanda! Mkadiriaji akishika bei peke yake, akalazimisha 1,000, ataandika faida ya 200 ambayo haikupata kuwapo. Na ikiwa Kampala imebakiwa na 50 zake, na Uganda ikazitoza kama kawaida, jamaa waliochuma 130 kwa jumla watatozwa kodi juu ya 250.

Wizi, basi, u wapi? Uko pale ambapo bei ya 880 imewekwa kana kwamba Nairobi haiuzi chochote Kampala, kumbe ankara za matangazo ya redio ya Kampala hulipwa Nairobi, na bidhaa zilizoharibika rafuni hurejeshwa Nairobi kuwa hasara yake. Shilingi 60 za gharama kama hizo huishusha ile 80 hadi 20, ilhali bei haikuguswa hata senti, na yule anayelinganisha bei hataona kitu. Ataona yule tu anayesoma mkataba kando ya daftari la matumizi, akauliza kila gharama imemfaa nani.

Kazi hiyo ni nzito, sikatai. Kanuni za 2006 humruhusu Kamishna kudai hati zinazoeleza njia iliyochaguliwa na sababu zake. Lakini kuijua nyongeza ya haki, ikiwa ni asilimia 10 au 6, hutaka kampuni baki za kulinganisha nazo, na hesabu za kampuni binafsi za Afrika Mashariki hazitangazwi, hata wakadiriaji huazima mifano ya Ulaya, ambako masoko, riba na hatari si kama zetu. Hapo ndipo ningependa ghadhabu ya wananchi ielekezwe: kwamba kampuni kubwa, japo ni za binafsi, zilazimishwe kuweka mizania yake wazi kwa msajili, ili mkadiriaji wa Nairobi apate kipimo cha hapa.