Acheni kulaumu hamira

Wasee, hii story ya kulaumu hamira kila mkate ukikataa kuumuka iishe. Beshte yangu wa Bungoma alinitumia picha ya mkate wake, umelala flati kwa trei. Hamira yake ilikuwa poa, tulishaijaribu nayo mandazi huku Kitale. Shida ni kwamba alitumia unga wa keki.

Unga wa ngano una protini ambazo zikipata maji hushikana, zinakuwa gluteni. Ukikanda, gluteni inajipanga kuwa wavu unaovutika, na wavu huo ndio unashika hewa ya hamira. Unga wa mkate una protini karibu asilimia 12, wa keki karibu 8. Wavu wa keki ni dhaifu, hewa inatoroka. Ndiyo maana keki ni laini, na ndiyo maana ukiikoroga sana inakuwa ngumu.

Kwa hivyo soma pakiti kwanza. Kisha kanda dakika 10, chukua kipande kidogo, ukivute polepole dirishani. Mwanga ukipita kabla hakijararuka, uko sawa. Kikiraruka mapema, endelea kukanda. Kikikataa kabisa, laumu unga.