Kwaheri ya Moyoni Haihitaji Ukurasa

Mwanza tuna imani moja iliyozoeleka hata hakuna anayeihoji: kwamba ujumbe mfupi hauwezi kubeba kwaheri ya kweli. Mtu akihamishwa kazi au akimaliza chuo, anayemuaga kwa mistari miwili huonekana hajali, na anayemuaga kwa aya nne huonekana ana upendo. Kwenye kadi inayozunguka ofisini tunaandika "kila la heri" kisha tunajitetea kwamba nafasi ilikuwa ndogo.

Nasema nafasi haina kosa. Aya nne tunazosifu mara nyingi ndizo tupu zaidi, kwa sababu anayejua ana nafasi tele halazimiki kuchagua kitu, na asiyechagua huishia kumwaga maneno ambayo yangemfaa mtu yeyote.

Kwanza tuione hiyo nafasi yenyewe. Meseji moja ya kawaida ya simu hubeba herufi 160, nafasi na nukta zikihesabiwa. Kiwango hicho kinahusishwa na Friedhelm Hillebrand, mhandisi wa Kijerumani ambaye mwaka 1985 mjini Bonn alikaa na mashine yake ya kuchapa, akaandika sentensi za kila siku na kuzihesabu, akaona karibu zote zinaishia chini ya 160. Kadi za posta nazo zilimpa jibu hilohilo: watu walio safarini, wenye ya moyoni ya kuwaambia wa nyumbani, mara nyingi hawakufika herufi 150. Kipimo hiki basi kililingana na jinsi watu wanavyoandikiana.

Sasa tuchukue mfano. Tuseme mkunga wa mjini amehamishiwa Nansio, Ukerewe, na mkunga mdogo aliyefanya naye zamu za usiku anataka kumuaga. Anaandika hivi, kama tuandikavyo wengi wetu:

"Mpendwa dada yetu, ni kwa huzuni kubwa lakini pia kwa furaha kwamba leo tunakuaga rasmi. Umekuwa mtu wa pekee sana kwetu, nguzo na mfano wa kuigwa. Tutakukumbuka sana. Kama kuna mahali tulikukosea, tunaomba utusamehe. Tunakutakia kila la heri katika kituo chako kipya cha kazi. Mungu akutangulie katika yote."

Ni herufi 308. Simu itaukata ujumbe huo vipande vitatu, kwa sababu meseji inayounganishwa hubeba herufi 153 tu kwa kila kipande. Akiongeza alama ya ua mwishoni, kipimo kinashuka hadi 67 kwa kipande, na vipande vinakuwa vitano. Ua moja linamgharimu vipande viwili zaidi. Lakini hasara kubwa haiko kwenye salio. Mpelekee ujumbe huo mhasibu anayehamishwa, au dereva anayehamia Geita, na hakuna neno hata moja litakalohitaji kubadilishwa zaidi ya "dada". Hicho ndicho kipimo changu. Kama ujumbe unaweza kupewa mtu mwingine na ukamkaa sawasawa, aliyeandikiwa bado hajaagwa.

Tazama ujumbe unavyokuwa mkunga huyohuyo akilazimishwa kukaa ndani ya 160:

"Dada, usiku ule umeme ulipokatika ulinishikia tochi hadi mtoto akazaliwa. Nilikuwa natetemeka, hukunicheka. Jumapili nitakupigia. Mungu akutangulie. Kwaheri."

Herufi 157. Ujumbe huu hauwezi kupelekwa kwa mtu mwingine yeyote duniani. Sifa zote za ujumbe wa kwanza zimo humu bila kutajwa: nguzo aliyokuwa huyo dada inaonekana kwenye tochi, na mfano wa kuigwa unaonekana pale alipomwona mwenzake anatetemeka akanyamaza. Shukrani imepata siku yake, na ahadi nayo imepata siku. "Tutawasiliana" haimfungi mtu. "Jumapili nitakupigia" inamfunga, na ndiyo maana mpokeaji huiamini.

Wapo watakaosema nimemwondolea mtu adabu. Hapana. Dua nimeiacha, kwa sababu kwetu kumuaga msafiri bila kumwombea ni kumfukuza. Nilichokiondoa ni kuomba radhi kwa jumla, na hapa sitarudi nyuma. "Kama kuna mahali tulikukosea" ni sentensi inayoomba msamaha bila kukiri kosa. Kama kosa lipo, litaje: "Nisamehe kwa ile zamu niliyokuachia peke yako." Ni herufi 46 tu. Kama hulijui, mwulize mhusika ana kwa ana kabla hajafunga mizigo, maana jambo la namna hiyo linahitaji majibu, na kadi haijibu.

Ufupi una mipaka yake, nami sitaki kuificha. Ugomvi wa miaka, deni, mirathi au uchumba uliovunjika havimalizwi kwa meseji. Huko ujumbe mfupi ni kukimbia. Nazungumzia kwaheri ya watu walioachana kwa wema, na hizo ndizo nyingi.

Kadi ya ofisini ina ugonjwa wake wa pekee. Wa kwanza kuandika huandika "kila la heri katika majukumu mapya", wa pili husoma kabla ya kuandika, na kufikia mtu wa kumi kadi nzima inasema jambo moja kwa miandiko kumi. Dawa yake ni rahisi. Anayekusanya sahihi asianze na kadi, aanze na vikaratasi. Kila mtu apewe chake usiku mmoja kabla, aandike tukio moja alilolishuhudia kwa anayeondoka, kisha walinakili kwenye kadi. Mstari wa maneno sita unatosha: "Ulinifundisha kufunga hesabu ya mwezi. Ahsante."

Nalitilia mkazo hili kwa sababu huku kwetu kwaheri imehama mahali pake. Zamani anayekwenda Sengerema au Geita alisindikizwa hadi Kigongo, na foleni ya kivuko iliwapa waagaji muda wa kusimama pamoja wakiangalia maji. Tangu Juni 2025 daraja la Kigongo-Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita 3, linavushwa kwa dakika chache. Ni neema kubwa, na hakuna anayetaka foleni irudi. Ila maneno yaliyosemwa kwenye foleni ile sasa yanaandikwa kwa kidole, basi likiwa limeshatoka Nyegezi. Ujumbe umepewa kazi iliyokuwa ya mchana mzima.

Tena tunaishi kando ya ziwa lililomeza MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996, na MV Nyerere karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018. Familia za ufuo huu zinajua kwamba neno dogo la gatini linaweza kuwa ndilo lililobaki. Sisemi hivyo kumtisha msafiri. Nasema kwamba watu wenye kumbukumbu kama hiyo hawana ruhusa ya kuagana kwa maneno ya kunakili.

Kwa hiyo kama wiki hii kuna kadi inayozunguka kazini kwenu, iache mezani mpaka ukumbuke siku moja uliyokuwa na huyo anayeondoka, kisha uiandike siku hiyo. Ukiikosa kabisa, andika jina lako na dua, usiongeze kitu. Atakuelewa, na hutakuwa umemdanganya.