KAZI ZA MIKONO: Grili ya Dirisha Isiyokwenda Upande

Fundi mmoja wa Ruiru alipewa kazi ya kutengeneza grili za nyumba iliyokuwa ikimalizwa huko Thika. Alipima tundu la dirisha, akakata vyuma bapa, akaunga fremu ya upana wa sentimita 120 na kimo cha sentimita 90, akiacha nafasi ya milimita 2 kila upande. Siku ya kufunga, grili ya kwanza ikakataa kuingia. Mwenye nyumba alisema kwamba fundi amepima vibaya. Fundi naye akamlaumu mwashi, kama ilivyo desturi. Lakini alipoipima tena, kila upande ulikuwa na urefu wake kamili.

Ndipo mzee mmoja aliyekuwa akipiga rangi alipomwambia, "Kijana, hebu pima kwa mshazari."

Kutoka pembe moja hadi pembe iliyoielekea, utepe ulionyesha sentimita 150.6, katika pembe mbili nyingine, sentimita 149.4. Fremu ya 120 kwa 90 iliyo mraba kweli hutoa 150 pande zote mbili. Tofauti ya milimita 12 ilimaanisha kwamba upande wa juu ulikuwa umesogea milimita 7 na nusu kuliko upande wa chini, nazo nafasi zilizoachwa zilikuwa milimita 4 tu kwa jumla.

Fundi huyo alikuwa ametumia guni katika kila pembe, wala hakusema uongo. Ila guni yake ilikuwa na mkono wa sentimita 15, na kwa urefu huo kosa lile huonekana kama ufa wa milimita 1 na robo, ambao jicho huupita kwa urahisi penye chuma kilichokatwa kwa msumeno. Guni yafaa kwa kuanzia. Mshazari ndio unaohukumu.

Sababu ya fremu kwenda upande ni moto wenyewe. Chuma kilichoyeyuka husinyaa kinapopoa, nacho huivuta pembe kuelekea upande uliochomelewa. Mtu akishikiza pembe kwa ndani tu, pembe hujifunga. Akishikiza kwa nje tu, hufunguka. Kwa hiyo fundi hushikiza pembe moja kwa nukta fupi, ya milimita 5 au 6, kisha huenda kwenye pembe inayoielekea kwa mshazari, halafu mbili zilizobaki. Nukta moja kila pembe yatosha kwanza, kwa kuwa nukta moja bado hukubali kusukumwa.

Sasa hupimwa mishazari miwili. Ukiwa mmoja ni mrefu, pembe zake mbili hubanwa zikaribiane, au hugongwa polepole kwa nyundo, mpaka vipimo vilingane. Hapo, kabla ya kuinua fremu na kabla ya kutia hata chuma kimoja cha kati, huwekwa chuma bapa cha mshazari juu ya fremu, kikashikizwa ncha zote mbili. Fremu huwa imegawanyika pembetatu mbili, na pembetatu haiwezi kwenda upande bila ya chuma kupinda au nukta kukatika. Fundi wa Ruiru aliruka hatua hii: aliinua fremu yenye nukta nne, akaigeuza, akaendelea.

Vyuma vya kati navyo vina hila yao. Kilicho kirefu kidogo husukuma fremu nje kama tumbo. Kilicho kifupi huacha ufa, na mchomeleo unaoujaza huvuta fremu ndani. Kila kimoja kiingie bila ya kugongwa.

Ipo kasoro nyingine ambayo mishazari haiwezi kuionyesha vema, nayo ni kujisokota, yaani pembe moja kuinuka kuliko nyingine tatu. Hii hutokea sana kwa wanaofanya kazi juu ya udongo. Dawa yake ni kulaza mabomba mawili ya mraba yaliyonyooka, kuyatazama kwa jicho moja mpaka yalingane, kisha kuibana fremu juu yake. Ili kuhakikisha, nyuzi mbili huvutwa kutoka pembe hadi pembe zikakutana katikati. Zikigusana bila ya kusukumana, na zikafanya vivyo hivyo uzi wa chini ukiwekwa juu, fremu imelala sawa. Katika kuchomelea, upande wa mbele na wa nyuma hupewa zamu, ili mvutano wa mmoja uzuiwe na wa pili.

Chuma cha mshazari hakiondolewi ila kazi yote imechomelewa na kupoa. Kisha nukta zake husagwa kwa grinda.

Grili ile ya Thika haikuweza kunyooshwa kwa nyundo, maana vyuma vya kati vilikuwa vimekwisha kuishika katika upotofu wake. Fundi alilazimika kukata maungo yote upande wa juu, kuisukuma mpaka 150 kwa 150, na kuichomelea upya, kwa gharama yake mwenyewe.