Mahali Chai Inapokomea, Pima Maji Kwanza

Na Chepkemoi Langat

Ukitoka Kericho kuelekea Litein na Sotik, tupia macho mabondeni. Chai inateremka na kilima safu kwa safu, kisha inakoma ghafla kabla ya kijito. Hapo chini kunabaki nyasi, matete na ng'ombe wawili watatu, au kichaka cha mikaratusi. Waliopanda chai hapa tangu miaka ya 1920 hawakuuacha ukanda ule kwa sababu walikuwa na ardhi ya kuchezea. Mizizi ya mchai haivumilii kukaa majini. Pakituama maji, majani hugeuka manjano na mti hufa. Ukingo wa chai, kwa hiyo, unakuonyesha maji yalipo hata siku ambayo ardhi imekauka. Na ukanda huohuo ndio unaokatwakatwa sasa kuwa viwanja vya bei nafuu.

Mvua za Aprili na Mei 2024 ziliifanya nchi nzima iongee juu ya mito. Kanuni za maji zinataka mtu akae mbali na ukingo wa mto kati ya mita 6 na mita 30, na ni kanuni nzuri. Lakini huku kwetu nyumba inaweza kuwa mita 80 kutoka kijitoni na bado ikakaa majini wiki nzima. Udongo wetu mwekundu wa vilimani hunywa mvua haraka, maji yakasafiri chini kwa chini, na yakifika kwenye udongo mzito wa bondeni yanakosa njia, yanapanda juu. Hakuna mto uliovunja kingo. Maji yamechomoza tu uani, chini ya kitanda, ndani ya choo.

Ndiyo maana nasema swali la kwanza la mwenye kiwanja lisiwe matofali mangapi. Achimbe shimo. Lichimbwe kwenye kona ya chini kabisa ya mahali nyumba itakaposimama, kina cha mita moja na nusu, mwezi wa Mei na si Januari. Lifunikwe kwa mabati mvua isiingie, kisha kesho yake apime maji yamefika wapi. Hata likibaki kavu, atazame kuta zake. Udongo ukiwa mwekundu mpaka chini, hiyo ni habari njema. Ukiwa wa kijivu wenye madoa ya rangi ya kutu, maji hukaa hapo miezi mingi kila mwaka, na kina madoa yanapoanzia ndicho kimo maji yanachofikia mara kwa mara.

Kuna mtego mmoja. Mikaratusi hunywa maji mengi ya ardhini. Kiwanja kilichokuwa na miti hiyo mpaka juzi, ikakatwa na kuuzwa kuni kwenye kiwanda cha chai, kitaonekana kikavu. Mwaka mmoja au miwili baadaye maji yanarudi juu. Ukiona visiki vibichi, usiliamini shimo kavu. Amini rangi ya udongo.

Baada ya hapo ndipo sakafu inapojadiliwa. Tuchukue mfano wa nyumba ya mita 9 kwa 8. Majirani wanaonyesha alama ukutani: maji yaliwahi kusimama sentimita 35 juu ya ardhi. Ongeza sentimita 30 za tahadhari, kwa sababu mvua kubwa kuliko ile itakuja na majirani nao watajaza viwanja vyao, maji yakose pa kutawanyika. Uso wa sakafu basi uwe sentimita 65 juu ya ardhi. Toa slabu ya sentimita 10 na tabaka la mchanga la sentimita 5 chini yake, inabaki nusu mita ya kujaza. Mita 72 za mraba kwa nusu mita ni mita za ujazo 36, na hizo ni baada ya kushindiliwa. Punguza kidogo tu kwa unene wa kuta. Mtu apate bei ya mawe ya kujazia kabla ya kulipia kiwanja. Mara nyingi ule unafuu wote unaishia kwenye kujaza.

Na ni mawe kweli. Hapa ndipo fundi atakapokuambia, "Mama, huu udongo tumechimba kwenye msingi unatosha, tujaze nao." Udongo huo una vitundu vidogo sana vinavyovuta maji kupanda, jinsi utambi unavyovuta mafuta. Sakafu italowa hata kama mafuriko hayajaifikia. Tena ukilowa hushuka, slabu ikabaki inaning'inia na kupasuka katikati ya chumba. Mawe safi yenye nafasi kubwa baina yake hayavuti maji. Yapangwe tabaka za sentimita 15 hadi 20, kila moja ishindiliwe kabla ya inayofuata, juu mchanga, halafu nailoni nzito isiyotobolewa, ndipo slabu.

Mtaro wa msingi bondeni una taabu yake. Maji yakijaa usiku, asubuhi vijana wanamwaga zege humohumo. Saruji inaoshwa, kokoto zinabaki chini kama zilivyotoka kwenye lori. Maji yatolewe, tope lililolainika likwanguliwe mpaka udongo mgumu, kisha siku hiyohiyo limwagwe tabaka jembamba la zege la sentimita 5 ili kufunika udongo. Nondo zikae juu ya vipande vya zege, zisiguse ardhi. Upana wa msingi auamue mhandisi, kwa kuwa udongo huu haubebi uzito kama ule wa kilimani. Huko Bomet ya chini, penye udongo mweusi unaovimba na kupasuka, hesabu hizi hazitoshi kabisa.

Juu ya ardhi, kosa ninaloliona zaidi ni la bure. Karatasi ya kuzuia unyevu imewekwa vizuri ukutani, angalau sentimita 15 juu ya ardhi, kisha plasta inapakwa kutoka ardhini moja kwa moja ikaifunika, au mwenye nyumba anarundika udongo wa maua ukutani. Unyevu unapata daraja. Utautambua kwa rangi iliyovimba na unga mweupe wa chumvi, chini ya mstari ulionyooka. Plasta ikatwe pale penye karatasi, na udongo uondolewe. Sehemu ya chini ya ukuta iwe ya mawe ya kuchonga au bloku nzito za saruji. Tofali lisiloiva vizuri humong'onyoka, na bodi za jasi au za unga wa mbao zikilowa mara moja zimekwisha. Nyaya za umeme zishuke kutoka darini, soketi zikae mita moja juu ya sakafu.

Nyumba ya mabanzi na mabati isidharauliwe katika hili. Nguzo zake huoza pale zinapoingia ardhini. Zikikalishwa juu ya vigogo vya zege vya nusu mita au zaidi na kufungwa kwa chuma, sakafu ya mbao ikainuliwa, maji yanapita chini na upepo unaikausha. Kwa familia isiyo na fedha za mita 36 za mawe, naiona ndiyo nyumba sahihi ya bondeni.

Choo cha shimo kinahitaji mahali pengine kabisa, juu kwenye mteremko na mbali na kisima. Shimo lililofikia maji ya ardhini linachafua kisima muda wote. Mafuriko yanaueneza tu uchafu ule uani.

Kaunti za Kericho na Bomet hupitisha michoro kila wiki. Mchoro ukisema sakafu iko sentimita 15 juu ya ardhi, unasema ardhi ipi, ya kona ya juu au ya chini? Kwenye mteremko tofauti inaweza kuwa mita nzima. Nataka kila mchoro wa kiwanja cha bondeni uonyeshe kina cha maji shimoni na tarehe kilipopimwa, alama ya mafuriko, na kimo cha sakafu kikipimwa kutoka kitu kisichosogea, kama kalvati ya barabara. Mkaguzi aje na kamba na timazi ya maji kabla ya slabu kumwagwa, wakati kurekebisha bado ni kazi ya safu moja ya mawe.