Sahihi ya Mume Peke Yake Haiuzi Nyumba

"Hati ina jina lake, mkewe anaingiaje?" Ndivyo madalali wa Dar es Salaam wanavyomtoa hofu mnunuzi, naye anaamini na kulipa. Ni imani potofu, na inawapokonya watu akiba ya maisha.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, iko wazi: maadamu ndoa ipo, mwenye nyumba ya ndoa, awe mume au mke, haruhusiwi kuiuza, kuitoa zawadi, kuipangisha wala kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake. Jina lililo kwenye hati halimwondolei wajibu huo.

Chukulia mtu anayenunua nyumba Tabata kwa shilingi milioni 80. Mkataba umesainiwa mbele ya wakili, na muuzaji ameapa kwamba hana mke. Lakini siku mnunuzi alipokwenda kuitazama nyumba, palikuwa na mama uani akianika sare za shule za watoto. Walisalimiana, akapita kukagua vyumba. Miezi miwili baadaye mama yule yuko Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, anaomba mauzo yabatilishwe.

Mnunuzi atatoa kile kiapo kama ngao. Hakitamsaidia sana. Ili sheria imlinde, lazima aonyeshe kwamba hakujua, na kwamba hata angechunguza ipasavyo asingeweza kujua. Atasemaje hivyo, ilhali alimkuta mke nyumbani? Akishindwa, mke ana haki ya kuendelea kuishi humo hadi ndoa ivunjwe au mahakama iamue vingine. Sheria ya Ardhi ya 1999 inakwenda mbali zaidi: inamtaka mnunuzi aulize kuhusu ridhaa ya mwenza, na muuzaji akidanganya kwa makusudi, mwenza aliyefichwa anaweza kuyatengua mauzo. Hapo mnunuzi anabaki kumfukuzia muuzaji milioni 80 ambazo pengine zimekwisha kutumika.

Wapo wanaosema, "Hao hawajafunga ndoa, wanaishi tu." Nao wajihadhari. Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa kinasema mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi, na jamii ikawatambua kama mume na mke, watachukuliwa kuwa wameoana mpaka ithibitishwe vinginevyo. Cheti kukosekana hakumalizi hoja.

Nami sikubali kwamba mnunuzi wa namna hii ameonewa. Aliyeonewa kwanza ni mama anayeuziwa paa lililo juu ya kichwa chake na cha watoto wake.

Ndugu mnunuzi, kabla hujatoa hata shilingi, nenda ofisi ya serikali ya mtaa, muulize mjumbe na majirani nani anaishi humo. Kisha mke aje mwenyewe kwa wakili na kitambulisho chake, asomewe mkataba, asaini kwa mkono wake. Karatasi ya ridhaa iliyoletwa na mume mfukoni usiipokee.