Midomo Mikavu na Uongo wa Ubaridi

Mwezi wa Julai, baridi ya asubuhi inapokaza na pikipiki kuukata upepo kwenye barabara ya Naivasha, midomo ya wakazi wa Riruta Satellite huanza kupasuka. Vibanda vya kuelekea Kawangware huwa na dawa tele, na anayenunua huuliza jambo moja tu: ipi kali? Muuzaji naye hasiti. "Bosi, chukua hii, inachoma kabisa." Mteja anajipaka papo hapo, mdomo unapoa, unachonyota kidogo, naye anaondoka akiwa na hakika kwamba amepata tiba. Imani iliyouza kikopo hicho ni kongwe: mafuta yasiyochoma hayafanyi kazi. Ni imani potofu, na ndiyo inayowaacha watu wengi na midomo mikavu hata baada ya Julai kupita.

Ule ubaridi hautoki kwenye mdomo uliopoa. Mwaka 2021, David Julius na Ardem Patapoutian walitunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Tiba kwa kugundua vipokezi vya mwili vinavyotambua joto na mguso. Kila mmoja, kwa kazi yake mwenyewe, alitumia mentholi kukitambua kipokezi kiitwacho TRPM8, ambacho huiarifu neva kwamba baridi imefika. Mentholi hukiamsha kipokezi hicho bila baridi yoyote kuwepo. Ukipima kwa kipimajoto utakuta mdomo una joto lilelile. Kilichobadilika ni habari inayopelekwa kwenye ubongo. Kafuri, ile karafuu maiti inayotumiwa pwani wakati wa kuosha maiti, hufanya mchezo wa aina hiyohiyo kwa upande wa joto: huamsha vipokezi vya moto, kikiwemo kile kinachoitikia pilipili. Hakuna kati ya hizo mbili inayorudisha hata tone la maji kwenye ngozi.

Na maji ndiyo kesi yenyewe. Ngozi nyekundu ya mdomo ina tabaka la juu jembamba sana. Haina tezi za jasho, na tezi za mafuta karibu hazipo, hivyo haina namna ya kujilainisha yenyewe kama shavu linavyofanya. Maji hupotea hapo kwa kasi zaidi kuliko kwenye ngozi ya uso. Dawa ya mdomo mkavu, kwa hiyo, ina kazi moja isiyo na mbwembwe: kuziba ili maji yaliyomo yasitoke, na kuacha ngozi ijijenge upya chini ya kizibo hicho.

Hapa ndipo udanganyifu unapokolea. Mafuta ya midomo yenye mentholi kwa kawaida hutengenezwa kwa mafuta mazito ya mgando au nta, na hicho ndicho kinachoziba. Mtu anapopata nafuu, sifa zinakwenda kwa kile alichokihisi, yaani mchonyoto, ilhali kazi imefanywa na mafuta yaliyonyamaza. Vaseline, ambayo Robert Chesebrough aliipatia hataza huko Marekani mwaka 1872, haichomi wala hainukii, na bado ni miongoni mwa vizibo bora vinavyojulikana. Arimis, ambayo Wakenya waliiazima kutoka kwa chuchu za ng'ombe wakaifanya mafuta ya familia, haihitaji kumchoma mtu ili ifanye kazi.

Chukua mwendesha boda aliyenunua kikopo kikali. Asubuhi anajipaka. Kwa dakika chache mdomo unahisi uhai, kisha ule ubaridi unafifia, naye anadhani dawa imekwisha nguvu. Ladha ya mnanaa inamfanya arambe midomo. Mate yanapokauka yanaondoka na unyevu wa ngozi, na vimeng'enya vyake, vilivyoumbwa kuanza kumeng'enya chakula, vinaikera ngozi iliyokwisha kupasuka. Mentholi na kafuri nazo zinaingia kwenye nyufa hizo na kuongeza mwasho. Saa sita mchana mdomo umekaza, anajipaka tena, na jioni anabandua magamba kwa meno. Anawaambia wenzake kwamba amekuwa mraibu wa mafuta. Si uraibu wa kikemia. Ni ngozi inayokerwa kila inapotaka kupona.

Namna ya kujua ni rahisi. Aache kikopo hicho kwa wiki mbili, atumie mafuta ya mgando yasiyo na harufu, hasa kabla ya kulala, na asibandue magamba. Mdomo ukitulia, mkosaji amejulikana. Usipotulia, aitazame dawa ya meno: mnanaa wa humo huweza kuleta mzio, ukaacha wekundu na magamba kuzunguka mdomo. Nyufa zilizo kwenye pembe za mdomo tu ni jambo jingine. Mara nyingi huko kuna fangasi, au upungufu wa madini ya chuma au vitamini za kundi B, na hakuna kikopo cha kibandani kitakachoziponya.

Anayetetea mentholi atasema kwamba hutuliza maumivu, na ni kweli. Wasimamizi wa dawa wa Marekani, katika kanuni zao za dawa za kupaka, wameiweka mentholi ya hadi asilimia 1 na kafuri ya hadi asilimia 3 kwenye fungu la vituliza maumivu na mwasho. Kidonda cha homa mdomoni kinaweza kufaidika kwa muda. Lakini hilo si fungu la vilainishi. Chama cha madaktari wa ngozi cha Marekani kimekwenda mbali zaidi: kinawashauri wenye midomo iliyopasuka waache kabisa bidhaa zenye kafuri, mentholi na mafuta ya mkaratusi.

Vibaya zaidi ni Vicks inayopakwa mdomoni mwa mtoto mwenye mafua. Dawa hiyo ni ya kifua na shingo, na mtoto hulamba kila kilicho mdomoni. Kafuri ikimezwa huweza kuleta degedege, na kwa mtoto mdogo kiasi kidogo kinatosha kumpeleka hospitali.

Limebaki jua, ambalo kikopo kikali hakilizuii hata kidogo. Nairobi iko karibu na ikweta, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,800, na mawingu ya Julai hayaondoi miale yote. Tusitiane hofu, hata hivyo: kwa wenye ngozi nyeusi, saratani ya mdomo inayoletwa na jua ni nadra. Kwa mtu mwenye ualbino hali ni tofauti kabisa, na ndiyo maana mpango wa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu wa kugawa losheni ya jua bila malipo ni wa lazima wala si wa urembo. Mdomo wa chini, uliochomoza kuelekea juani, ndio unaoumia zaidi.

Mafuta ya midomo ya kukinga jua yawe na SPF 30 au zaidi, ikiwezekana yenye zinki oksaidi au titani dioksaidi, ambazo huwa na weupe kidogo juu ya mdomo mweusi. Hupakwa tena kila baada ya saa mbili, na baada ya chai na mandazi bila kungoja saa, kwa kuwa yatakuwa yamemezwa. Kofia yenye ukingo mpana husaidia, na kwa mwendesha boda, kioo cha helmeti kikishushwa hukinga jua na upepo kwa pamoja. Baka gumu, jeupe au lenye kidonda kwenye mdomo wa chini, lisilopona kwa wiki tatu, halipakwi chochote cha kibandani. Linapelekwa kwa daktari, na pengine kipande chake kukatwa na kupimwa.